Sebule ndefu ya Upanga: kwa nini rangi nyeupe haikuipanua

Sebule niliyoitwa kuitazama ilikuwa na urefu wa mita 6.2, upana wa mita 2.9 na kimo cha mita 2.75 kutoka sakafuni hadi darini. Iko ghorofa ya pili katika jengo la zamani la Upanga, Dar es Salaam, na ina dirisha moja tu, la upana wa mita 1.8, kwenye ukuta mfupi unaotazama mashariki. Mlango umekaa kwenye ukuta mrefu wa kulia, karibu kabisa na ncha ya ndani, kwa hiyo anayeingia hugeuka kushoto na kuona chumba chote kikimkimbia kuelekea dirishani. Mwenye nyumba, mama wa watoto watatu, alikuwa amekwisha kukipaka rangi mara mbili katika muda wa miaka 3, na mara zote mbili alishauriwa na watu waliomtakia mema.

Maneno aliyoniambia siku ya kwanza ndiyo yaliyoongoza kazi nzima. “Dada, chumba cha bibi yangu kule Malindi, Unguja, kilikuwa chembamba kuliko hiki, na hatukuwahi kubanwa. Hapa nikikaa naona kama nasubiri kuitwa na daktari.” Nilimwomba anieleze chumba cha bibi yake kadiri alivyokikumbuka, naye akataja kuta za chokaa, boriti nyeusi juu, mikeka chini, na ukuta wa ndani wenye vidaka vya kuwekea vyombo. Hakutaja ukubwa hata mara moja. Nilianza kuhisi kwamba tatizo la sebule yake halikuwa udogo, kwa sababu mita za mraba 18 si haba kwa sebule ya mjini. Tatizo lilikuwa kwamba kila kitu ndani yake, kuanzia rangi hadi sakafu, kilikuwa kinavuta jicho kwenye urefu.

Rangi ya kwanza, ambayo picha zake bado alikuwa nazo kwenye simu, ilikuwa ile inayojulikana na kila aliyesoma shule ya serikali au kutibiwa zahanati: chini rangi ya mafuta ya kahawia hadi kimo cha mita 1.2, juu yake krimu. Mpangilio huu una sababu yake njema, kwani sehemu ya chini ndiyo inayoguswa na mikono, migongo na miguu ya viti, na rangi ya mafuta husafishika kwa kitambaa chenye sabuni. Lakini tazama unavyofanya kazi katika chumba kirefu. Mstari unaotenganisha kahawia na krimu huanzia dirishani, hupita mita 6 bila kukatika upande wa kushoto, na mwenzake hufanya hivyo hivyo upande wa kulia, na yote miwili humpeleka mtazamaji kwenye ncha ya ndani kama reli mbili. Juu ya hayo, kahawia iliyokolea hurudisha takribani sehemu moja tu kwa kumi ya mwanga unaoiangukia, na hapa ilikuwa imefunika zaidi ya sehemu nne kwa kumi za kuta zote. Chumba chenye dirisha moja hakiwezi kumudu hasara hiyo, kwa kuwa mwanga unaofika ncha ya mbali hauji moja kwa moja kutoka nje. Sehemu yake kubwa ni mwanga uliokwisha kuruka kutoka ukuta huu hadi ule, na kila unaporuka kwenye rangi nzito hufa.

Ndipo ukaja ushauri wa pili, ambao ndio ushauri wa kila mahali: paka nyeupe, chumba kitapanuka. Alipaka nyeupe kabisa, yenye kung'aa, kuta zote nne, akabadilisha balbu na kuweka za mwanga mweupe wa kelvini 6500 kwa kuwa muuzaji alimwambia ndizo zinazoangaza zaidi. Chumba kiliangaza kweli. Nilipopima kiasi cha mwanga kwa kifaa changu saa nne asubuhi, siku yenye mawingu mepesi, karibu na dirisha nilipata laksi 800 na kwenye ncha ya ndani laksi 60. Hizo 60 zilikuwa nyingi kwa ncha ile, lakini bado uwiano kati ya mbele na nyuma ulikuwa zaidi ya 13 kwa 1, na jicho halisomi laksi. Jicho husoma tofauti. Ukiwa na ukuta mmoja usiobadilika rangi, unaoanza mweupe wa kuumiza macho na kumalizika ukiwa wa kijivu, jicho huusoma huo mteremko wa mwanga kuwa umbali. Nyeupe ilikuwa imekiongezea chumba urefu, ambao ndio uliokuwa umezidi tangu mwanzo, na haikukiongezea upana.

Kuhusu ile hisia ya zahanati, ilinichukua alasiri nzima kuielewa. Asubuhi chumba hakikuwa kibaya. Ilipofika saa tisa nikaona kuta zimeanza kuwa na ukungu wa kijani, hafifu mno kiasi kwamba mtu asingeweza kuutaja kwa jina, ila niliposhika karatasi nyeupe dirishani na kuipeleka polepole hadi katikati ya chumba, rangi yake ilibadilika mikononi mwangu. Mkabala na dirisha, umbali wa mita kama 7, lipo jengo la jirani lililopakwa kijani cha maji. Asubuhi jua hutoka nyuma yake, kwa hiyo ukuta wake unaotutazama uko kivulini na hauna nguvu. Alasiri jua huwa limehamia magharibi, huupiga ukuta huo uso kwa uso, na ukuta nao huumwaga ule ukijani ndani ya sebule. Nyeupe tupu haina rangi yake ya kujitetea: hupokea rangi ya mwanga wowote unaoijia. Usiku ilipokea ubuluu wa zile balbu. Mama huyu alikuwa akikaa katika kijani alasiri na katika buluu usiku, akidhani amepaka nyeupe.

Kitu cha tatu kilikuwa chini ya miguu yetu. Sakafu ni ya marumaru kubwa za krimu zinazong'aa kama kioo, na kila aliyeketi upande wa ndani aliona mbele yake taswira ya dirisha ikiwa imelala sakafuni, mstari mrefu wa mwanga unaotoka ukuta hadi miguuni pake. Watu wengi hupenda marumaru hizo kwa kudhani kwamba mng'ao hukuza chumba, na katika chumba cha mraba chenye madirisha pande mbili huenda ikawa hivyo. Katika chumba chembamba chenye dirisha mwishoni, mng'ao huo hutandika barabara katikati ya sebule. Kuta nazo zilikuwa na mng'ao uleule, na kwa kuwa mwanga wa dirisha hupita ukizilamba kuta ndefu kwa ubavu, kila wimbi la lipu, kila mahali ambapo fundi wa zamani alibonyeza mwiko kupita kiasi, palionekana kama tumbo la tanga.

Kabla ya kununua chochote tulipaka mbao za majaribio. Ukubwa wake ulikuwa sentimita 60 kwa 60, kila moja ikapata mikono miwili ya rangi, kwa sababu kile kipande cha kadi cha dukani ni kidogo mno na hutazamwa chini ya taa za duka. Rangi ikitandazwa ukutani huonekana nzito kuliko kwenye kadi, kwa kuwa ukuta mmoja huurushia mwenzake rangi hiyohiyo na kuikoleza. Kila ubao tuliuegemeza mahali pawili, karibu na dirisha na kwenye ncha ya ndani, tukautazama saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa. Mbao tatu kati ya sita zilizopendeza asubuhi zilikataliwa alasiri ya siku hiyohiyo.

Kwa kuta mbili ndefu na ukuta wa dirisha tulichagua nyeupe iliyotiwa tone la manjano ya udongo, isiyong'aa kabisa. Ile manjano kidogo ilikuwa ya kupambana na kijani cha jirani: alasiri vitu hivyo viwili hukutana na kutoa nyeupe iliyotulia, yenye joto kidogo. Kutong'aa kwake kulikuwa na kazi mbili. Kwanza, uso usiong'aa hutawanya mwanga pande zote badala ya kuurusha upande mmoja, na hivyo mteremko ule kutoka nyeupe hadi kijivu hulainika. Pili, mawimbi ya lipu hupotea, na ukuta usio na alama za kushikwa na jicho huonekana umesogea nyuma. Hivyo ndivyo zilivyokuwa kuta za chokaa za Malindi, na sidhani mama yule alikuwa akikumbuka weupe wake tu. Nadhani alikuwa akikumbuka ulaini wa mwanga juu yake.

Hesabu ya rangi haikuwa kubwa. Kuta mbili ndefu ni mita za mraba 34 na ushei, ukuta wa dirisha baada ya kutoa dirisha lenyewe ni kama 5 na nusu, na kwa kukadiria lita moja kwa mita za mraba 10 kwa kila mkono, mikono miwili ilihitaji lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Kilichokula muda ni maandalizi. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Itakaa miezi michache kisha ibanduke kama ganda la kitunguu. Ukuta wote ulipigwa msasa hadi mng'ao ukaisha, ukafutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ukapakwa rangi ya kwanza ya kushikiza, ukaachwa usiku mzima. Kisha, ili kupima kama imeshika, fundi alichana mistari midogo kwa wembe, akabandika selotepu juu yake na kuivuta kwa nguvu. Mara ya kwanza ilitoka na magamba karibu na mlango, mahali ambapo mikono ya watoto ilikuwa imeacha mafuta, na sehemu hiyo ikasuguliwa upya.

Dari lilikuwa la jipsamu lenye ngazi mbili na ukanda wa kahawia uliozunguka pande zote. Nilipendekeza ukanda ule ufutwe na dari lote lipakwe nyeupe ileile ya kuta. Fundi alisita, kwa kuwa kanuni aliyofundishwa ni kwamba dari huonekana juu likiwa jeupe na kuta zikiwa nzito, ili pawepo tofauti. Kanuni hii imeenea sana, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, waliipima mwaka 2010 na kukuta jambo jingine: dari jeupe huongeza kimo kinachoonekana, kuta nyepesi nazo huongeza, na vitu hivyo viwili hujumlishwa, tofauti kati yake haina mchango wake wa pekee. Katika chumba chetu ukanda ule ulikuwa na kosa la ziada, kwani uliuchora wembamba wa chumba kwa kalamu nene pale juu ambako jicho lingeweza kuusahau.

Ukuta wa ndani ndio ulioleta mabishano, na nikiri kwamba ndiko nilikojifunza zaidi. Kwa chumba kirefu, mafundi wengi hushauri ukuta wa mwisho upakwe rangi nzito ya joto, maruni au chokoleti, ili usogee karibu na kufupisha chumba. Ushauri huu ni sahihi pale tu ukuta huo unapopata mwanga. Kwenye ncha yenye laksi 60 mchana, maruni haibaki maruni. Hupoteza wekundu wake, huwa kiza, na kiza hakisogei karibu, hufunguka kama mlango wa pango. Tuliuona ukweli huu kwenye ubao wa majaribio bila kuhitaji maelezo: ubao wa maruni ulioegemezwa ndani ulionekana kama tundu ukutani. Ulioshinda ulikuwa ubao wa rangi ya udongo wa mfinyanzi uliopauka, unaorudisha karibu nusu ya mwanga, wenye joto la kutosha kuonekana uko mbele ya kuta mbili za pembeni bila kuumeza mwanga wenyewe.

Hapo ndipo suala la umbile la uso lilipoingia, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka chumba kiwe na mahali pamoja pa mkwaruzo, kwa sababu baada ya kuondoa mng'ao kila mahali kilikuwa katika hatari ya kuwa bubu. Nikaanza na ukuta mrefu wa kushoto, nikiagiza upakwe rangi ya chengachenga kwa rola. Asubuhi iliyofuata jua liliingia kwa pembe ya chini, likaulamba ukuta kwa ubavu, na kila chembe ikapata kivuli chake. Ukuta uliokuwa umekaa vizuri jana ulionekana mchafu, na mbaya zaidi, ulionekana umesogea ndani ya chumba, kwa kuwa jicho lilikuwa limepata maelfu ya alama za kupimia umbali wake. Mtoto wa mwisho alipita akikimbia na kujichubua kiwiko. Katika chumba cha mita 2.9, baada ya kochi kuchukua nafasi yake, mtu hupita akiusugua ukuta, na ukuta unaosuguliwa hautakiwi kuwa na meno. Tuliusugua wote, tukaupiga skimu upya, na gharama hiyo niliibeba mimi.

Mkwaruzo tuliuhamishia kwenye ukuta wa ndani, kwa lipu ya chokaa. Rangi zote za zamani zilikwanguliwa hadi kwenye saruji, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya mafuta, ukuta ukachongwa vijichimbo vidogo na kulowanishwa. Mchanganyiko ulikuwa sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa kwa sehemu mbili na nusu za mchanga laini uliochekechwa, pamoja na unga wa rangi ya udongo wa aina isiyoharibiwa na ukali wa chokaa. Tabaka mbili nyembamba zilitandazwa kwa mwiko wa mbao, na ukuta ukanyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku nne. Chokaa mbichi humtisha asiyeijua, kwani huwa imekolea mno. Mama mwenye nyumba aliingia siku ya kwanza akashika mdomo. Nilimwonyesha ubao wa majaribio wa mchanganyiko uleule uliokauka juma zima, uliokuwa umepauka kwa zaidi ya nusu, naye akakubali kusubiri.

Ukuta huo unatazamana na dirisha, kwa hiyo mwanga wa mchana huufikia uso kwa uso na kuufuta mkwaruzo wake karibu wote. Mchana huonekana kama kitambaa kilichonyooshwa. Ili mkwaruzo ufanye kazi jioni, tuliweka taa ndefu ya mwanga wa joto wa kelvini 2700 juu yake, sentimita 20 tu kutoka ukutani, imefichwa nyuma ya ngazi ya dari, ikimwaga mwanga kuelekea chini. Taa ileile ingewekwa katikati ya dari isingeonyesha kitu. Kwa umbali ule mdogo kila alama ya mwiko hupata kivuli kifupi cha dhahabu, na ncha iliyokuwa ya mwisho wa korido sasa ndiyo inayong'ara kuliko sehemu nyingine zote usiku. Makochi mawili yaliyokuwa yametazamana kwenye kuta ndefu yalihamishwa, moja likaegemezwa kwenye ukuta huu.

Kwa sakafu tulirudi Malindi. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu huwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3 hivi. Kwa upana wenyewe, basi, sebule hii ni ndugu yao. Lakini boriti hulazwa kukata upana, moja baada ya nyingine kwa karibu, na hivyo jicho linalosafiri kwenye urefu hukutana na mstari mwingine na mwingine wa kulikatiza. Bibi yake alikuwa na mistari inayokwenda kinyume na urefu wa chumba. Yeye alikuwa na ukanda wa kahawia na mng'ao wa marumaru, vyote vikienda sambamba nao. Tukatandika mikeka miwili ya ukili yenye mistari myekundu na myeusi, kila mmoja mita 2.4 kwa 1.5, tukailaza kwa upana wa chumba, na kati yake tukaacha marumaru wazi kama nusu mita. Mng'ao wa dirisha ulikatika vipande vitatu papo hapo. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho ambacho kila mgeni hukitaja kwanza.

Nilipopima tena, saa nne asubuhi na anga ya aina ileile, ncha ya ndani ilikuwa na laksi 52. Chumba kilikuwa na mwanga mdogo kidogo kuliko kilipokuwa cheupe kitupu. Hata hivyo mama aliniuliza kama tumepanua kitu, na dada yake, aliyekuja kutoka Tanga bila kuambiwa habari, alidhani kochi kubwa limebadilishwa kwa dogo.

Yapo ambayo rangi haikuyaweza. Masika, mawingu yanapokuwa mazito, ncha ya ndani inahitaji taa kuanzia saa nne asubuhi. Rangi isiyong'aa imeshika alama za mikono karibu na swichi, na baada ya miezi 5 tulilazimika kupaka kimo cha mita moja ya chini, pembeni mwa mlango tu, kwa rangi ya maji inayosafishika, ya weupe uleule. Ukisimama ubavuni utaona mng'ao kidogo, ukiwa umekaa huuoni. Lipu ya chokaa hukusanya vumbi na husafishwa kwa brashi laini kavu, si kwa kitambaa chenye maji. Mkeka ulio karibu na dirisha umeanza kupauka kwa jua la asubuhi, wekundu wake ukiwa wa kwanza kuondoka, na mama amekwisha kuagiza mwingine kutoka Pemba, safari hii akitaka mistari iwe mipana zaidi.